Kupumzika kati ya seti: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu ATP na fosfokreatini

Ukurasa huu ni wa wanaonyanyua vyuma na wanaowafundisha. Maswali yamepewa namba ili jibu moja liweze kurejelea jingine bila kurudia maelezo.

## Misingi

1. ATP na fosfokreatini ni nini, na kwa nini hutajwa pamoja?

ATP ni molekuli ambayo nyuzi za misuli huivunja ili zijikaze, na hakuna nishati nyingine inayoweza kufanya kazi hiyo moja kwa moja. Wanga, mafuta na vyote tunavyokula lazima kwanza vigeuzwe kuwa ATP. Hata hivyo, misuli huhifadhi ATP kidogo sana: katika kilo moja ya misuli ya binadamu mna takriban milimoli 5 hadi 6 tu, kiasi ambacho kingetosha sekunde mbili au tatu za juhudi kamili kama kisingejazwa tena.

Fosfokreatini ndiyo inayoijaza kwa haraka kuliko njia nyingine yoyote. Kiasi chake katika misuli iliyopumzika ni kama mara tatu au nne ya kile cha ATP, na kazi yake ni kumpa ADP, yaani ATP iliyokwisha kuvunjwa, fosfeti yake ili irudi kuwa ATP. Kimeng'enya kiitwacho kreatini kinasi ndicho kinachoendesha mwitiko huu, nao huenda pande zote mbili:

```
PCr + ADP + H⁺ ⇌ ATP + Cr
```

Wakati wa seti, mwitiko huelekea kulia. Wakati wa kupumzika, huelekea kushoto. Karibu kila kitu kinachofuata katika ukurasa huu kinatokana na mshale huo wenye pande mbili.

2. Je, ni kweli kwamba ninapochoka ATP yangu imeisha?

Hapana. Sindano za kuchukua vipande vidogo vya misuli, ambazo Jonas Bergström wa Uswidi alizirudisha katika utafiti wa misuli mwaka 1962, ziliwezesha kupima jambo hili kwa binadamu, na vipimo vilivyofuata vilionyesha kuwa hata baada ya juhudi ya kumchosha mtu kabisa, ATP katika kipande kizima cha misuli hupungua kwa kiasi cha theluthi hivi, mara nyingi pungufu ya hapo. Kwa seti ya kawaida ya marudio matano, ATP hutikisika kidogo tu. Kinachoshuka sana ni fosfokreatini, ambayo hujitoa ili ATP isiporomoke.

Kuna jambo moja la kuzingatia. Kipande kizima cha misuli ni mchanganyiko wa nyuzi, na wastani huficha tofauti zilizomo. Nyuzi za kasi, zile zinazoitwa kazini uzito unapokuwa mkubwa au unapokaribia kushindwa, huwa na fosfokreatini nyingi zaidi mwanzoni lakini pia huitumia kwa haraka zaidi, na ndani ya nyuzi hizo ATP yenyewe inaweza kushuka kuliko wastani unavyoonyesha.

3. Kama ATP haiishi, kwa nini rudio la mwisho linanishinda?

Fosfokreatini inapovunjwa, fosfeti yake haipotei. Hupitia kwenye ATP, na ATP ikivunjwa kwa kazi, fosfeti hubaki huru ndani ya nyuzi. Kadiri fosfokreatini inavyopungua ndivyo fosfeti huru inavyoongezeka, nayo hudhoofisha nguvu ya protini zinazovutana na kuvuruga utoaji wa kalsiamu unaoamuru misuli ijikaze. Kwa hiyo kushuka kwa fosfokreatini hudhuru kwa njia mbili: uwezo wa kutengeneza ATP kwa kasi kubwa hupungua, na taka ya kazi hiyo huongezeka. Wakati wa kupumzika fosfeti hiyo hurudishwa kwenye kreatini, na hivyo yote mawili hurekebishwa pamoja.

Si uchovu wote unaotoka hapa. Asidi, mishipa ya fahamu na maumivu vina sehemu yao, na swali la 9 linaeleza kwa nini hilo ni muhimu katika kuamua muda.

4. Nimesikia kwamba fosfokreatini hutumika sekunde 10 za kwanza, kisha wanga huanza. Ni sahihi?

Ni kurahisisha mno. Kuvunjwa kwa wanga bila oksijeni huanza karibu mara moja pamoja na fosfokreatini, na hata oksijeni huanza kuchangia ndani ya sekunde chache. Kinachobadilika ni uwiano. Kwa anayenyanyua, maana yake ni kwamba seti ya sekunde 40 haitumii fosfokreatini peke yake, bali pia huzalisha asidi, na asidi hiyo itachelewesha urejeshaji kama swali la 6 linavyoonyesha.

## Jinsi urejeshaji unavyokwenda

5. Nikiwa nimekaa tu kwenye benchi, fosfokreatini inarudije?

Inarudi kwa oksijeni. Baada ya seti, mitokondria huendelea kufanya kazi kwa kasi kubwa, hutengeneza ATP, na sehemu ya ATP hiyo hutumika kuirudishia kreatini fosfeti yake. Ndiyo maana unahema kwa nguvu wakati ambao huinui chochote: misuli inalipia kazi iliyokwisha kufanyika.

Uthibitisho wa wazi ulitolewa na Roger Harris, Eric Hultman na wenzao mwaka 1976. Walipoziba mtiririko wa damu mguuni baada ya mazoezi, fosfokreatini haikurudi, ilhali ilirudi vizuri damu ilipoachwa ipite. Kuvunja wanga bila oksijeni hakukuweza kuifanya kazi hiyo. Kutokana na hili, pumziko ni kazi ya moyo, mapafu, damu na mitokondria, na muda wake hutegemea uwezo wa mifumo hiyo kuliko unavyotegemea ukubwa wa misuli.

6. Inachukua muda gani kurudi?

Urejeshaji haufuati mstari ulionyooka. Kinachorudishwa kwa kila kipindi ni sehemu ya pengo lililobaki, kwa hiyo huanza kwa kasi kisha hupungua kadiri pengo linavyofungika. Katika utafiti huo wa 1976, sehemu ya haraka ilifunga nusu ya pengo kwa sekunde 21 hadi 22, ilhali sehemu ya polepole ilihitaji zaidi ya sekunde 170 kwa kila nusu.

Muda huo si namba moja kwa kila mtu na kila seti. Juhudi fupi isiyoleta asidi nyingi hufunga nusu ya pengo kwa sekunde 20 hadi 30. Juhudi ndefu yenye asidi hupunguza kasi hiyo, na sababu iko katika mlinganyo wa swali la 1: H⁺ iko upande mmoja na fosfokreatini, kwa hiyo inapojaa huusukuma mwitiko uelekee kutengeneza kreatini tupu. Gregory Bogdanis na wenzake walipima hali hii mwaka 1995 baada ya watu kukanyaga baiskeli kwa nguvu zao zote kwa sekunde 30. Fosfokreatini ilishuka hadi karibu 20% ya kiasi cha kawaida, ikafika 65% baada ya dakika moja na nusu, na hata baada ya dakika 6 ilikuwa kama 85% tu.

Tofauti kati ya hali hizo mbili ndiyo inayoeleza kwa nini wanafunzi husoma mahali pamoja kwamba dakika mbili zinatosha na mahali pengine kwamba hata sita hazitoshi. Vyote viwili vinaweza kuwa kweli, kwa seti tofauti.

7. Na ATP yenyewe hurudi lini?

Sehemu kubwa hurudi mara fosfokreatini inapoanza kurudi, kwa kuwa zinashiriki kimeng'enya kimoja. Lakini juhudi ikiwa kali sana, molekuli mbili za ADP huungana kutoa ATP moja na AMP moja, na AMP hiyo hugeuzwa kuwa IMP. Molekuli iliyofika hapo imetoka kwa muda kwenye akiba, na kuirudisha kuwa ATP huchukua muda mrefu kuliko kuirudisha fosfokreatini. Hili hutokea zaidi katika nyuzi za kasi, katika seti ndefu za kushindwa kabisa na mbio za nguvu kamili. Seti za marudio machache huiathiri akiba hiyo kidogo tu.

## Dakika ngapi?

8. Mbona seti ya kwanza napata marudio 10, lakini ya tatu napata 6?

Hesabu ifuatayo ni ya mfano, si kipimo cha mtu fulani, lakini inaonyesha umbo la tatizo. Tuseme seti moja ya skwati hutumia alama 55 kati ya 100 za fosfokreatini katika misuli ya mapaja, na kwamba nusu ya pengo hufungwa kila dakika moja.

Ukipumzika dakika moja: unamaliza seti ya kwanza ukiwa na 45. Pengo ni 55, nusu yake hurudi, na unaanza seti ya pili ukiwa na takriban 72. Seti hiyo inakushusha hadi 17. Pengo sasa ni 83, nusu inarudi, na unaanza ya tatu ukiwa na 59. Seti nyingine ya alama 55 ingekuacha na 4, hali ambayo misuli haiwezi kuivumilia kwa nguvu ileile, kwa hiyo marudio yanakatika kabla.

Ukipumzika dakika tatu: baada ya seti ya kwanza pengo la 55 hupunguzwa nusu mara tatu na kubaki kama 7, unaanza ya pili ukiwa na 93. Unashuka hadi 38, pengo la 62 linabaki kama 8, na unaanza ya tatu ukiwa na 92. Kuanzia hapo hali imetulia: kila seti huanza karibu mahali palepale.

Angalia kwamba madhara ya pumziko fupi hayaonekani sana kwenye seti ya pili. Yanajilimbikiza, na hujitokeza kwenye ya tatu na ya nne. Mtu anayejipima kwa seti ya pili peke yake atadhani dakika moja inamtosha. Katika mwili halisi mkia wa urejeshaji ni wa polepole kuliko hesabu hii, kwa hiyo hata dakika tatu huacha kiasi fulani cha deni.

9. Basi nipumzike dakika ngapi?

Kwa seti nzito za marudio 1 hadi 5 katika mazoezi makubwa kama skwati au kuinua chuma kutoka sakafuni, dakika 3 hadi 5 ni muda wa busara. Kwa seti za marudio 8 hadi 12 zinazokaribia kushindwa, dakika 2 hadi 3. Kwa mazoezi ya misuli midogo, kama kukunja mkono kwa dambeli, dakika moja hadi mbili mara nyingi inatosha, kwa sababu misuli ni michache na moyo na mapafu havina kazi kubwa ya kuilisha.

Jambo linaloonekana kupingana hapa ni kwamba seti ya marudio 3 hutumia fosfokreatini kidogo kuliko ya marudio 12, na bado tunaipa pumziko refu zaidi. Sababu ni kwamba uzito wa karibu na upeo wako hauna nafasi ya upungufu: kwa 90% ya uwezo, kukosa asilimia chache za nguvu kunatosha kulipoteza rudio, ilhali kwa 60% utalipata tu, kwa mwendo wa polepole zaidi. Aidha, uzito huo huchosha mfumo wa fahamu, na uchovu huo haufuati saa ya fosfokreatini. Anayepanga pumziko kwa biokemia peke yake atafupisha pumziko la seti nzito kuliko inavyofaa.

10. Ninataka misuli ikue. Si inasemekana pumziko fupi ni bora kwa sababu ya homoni?

Mashauri ya sekunde 30 hadi 60 yalitegemea kupanda kwa homoni kwa muda mfupi baada ya mazoezi, na kupanda huko hakujaonyesha kuleta ukuaji. Brad Schoenfeld na wenzake waliijaribu hoja hiyo mwaka 2016 kwa vijana wa kiume 21 waliokwisha kuzoea vyuma. Kwa wiki 8 wote walifanya seti 3 za marudio 8 hadi 12 katika mazoezi 7, tofauti ikiwa ni pumziko la dakika 1 au dakika 3. Waliopumzika dakika 3 walipata nguvu zaidi katika skwati na benchi, na unene wa misuli ya mbele ya paja uliongezeka zaidi.

Maelezo yanayoelekea kuwa sahihi ni yale ya swali la 8: aliyepumzika kidogo hufanya marudio machache au hupunguza uzito, hivyo jumla ya kazi inashuka. Ukilazimika kupumzika kwa muda mfupi kwa sababu ya muda, unaweza kufidia kwa kuongeza seti, lakini usidhani ufupi wenyewe ndio unaokuza.

11. Pumzi yangu imetulia. Je, niko tayari?

Si lazima. Pumzi na mapigo ya moyo huonyesha hali ya mwili mzima, ilhali fosfokreatini ni ya misuli iliyofanya kazi. Baada ya kukunja mkono kwa dambeli pumzi hutulia mapema ingawa misuli ya mkono bado ina deni, na baada ya skwati nzito unaweza kuhema bado huku mapaja yakiwa yamerudi vizuri.

Kipimo bora ni seti inayofuata. Andika marudio na uzito wa kila seti. Ukipoteza rudio moja kutoka seti moja hadi nyingine katika kazi ya kukuza misuli, hilo ni la kawaida; ukipoteza matatu au manne, ongeza dakika moja wiki ijayo na ulinganishe. Kwa seti nzito, tazama kasi ya rudio la kwanza: likipanda polepole kuliko rudio la kwanza la seti iliyotangulia, pumziko lilikuwa fupi. Na ukiongeza dakika bila mabadiliko yoyote, tatizo si fosfokreatini. Huenda uzito ni mkubwa mno au hukulala vya kutosha.

## Hali za pekee

12. Nitembee au nikae?

Kutembea polepole ukumbini hakudhuru. Kukanyaga baiskeli au kuruka kamba kwa misuli ileile iliyochoka ni jambo jingine, kwa kuwa kazi hiyo hushindana na urejeshaji kwa oksijeni ileile. Mapumziko yakiwa mafupi, tulia.

13. Je, naweza kufanya zoezi la misuli mingine wakati nasubiri?

Ndiyo, na ni njia nzuri ya kuokoa muda. Fosfokreatini haisafiri kutoka msuli mmoja hadi mwingine, kwa hiyo misuli ya kifua iliyofanya benchi huendelea kujirejesha wakati mgongo unavuta. Ukipumzika dakika moja na nusu baada ya kila seti na kupishanisha hivyo, kila kundi hupata zaidi ya dakika tatu. Lakini moyo na mapafu ni vya pamoja. Kupishanisha skwati na kuvuta kwa kamba huenda vizuri; kupishanisha skwati na kuinua chuma kutoka sakafuni hakupumzishi chochote, maana mgongo wa chini na makalio vimo katika yote mawili.

14. Vipumziko vya sekunde 15 au 20 ndani ya seti vina faida?

Vina faida, na sababu ni ile sehemu ya haraka katika swali la 6. Ukigawa marudio 6 mazito katika makundi matatu ya mawili na kuweka chuma chini kwa sekunde 20 kila mara, unachukua mwanzo wa urejeshaji, mahali ambapo kila sekunde hurudisha kiasi kikubwa kuliko baadaye, na asidi hainyanyuki sana. Kasi ya chuma hubaki juu. Sharti ni kukiweka chini kwa kweli: kusimama na chuma mabegani huiacha misuli ikiwa imekaza, damu ikipita kwa shida.

15. Na wanaofunga mkanda unaobana mkono au mguu?

Mkanda ukibaki umebanwa wakati wa pumziko, urejeshaji hupunguzwa kwa makusudi, kwa mantiki ileile ya jaribio la 1976. Hiyo ndiyo sababu njia hiyo hufanywa kwa uzito mwepesi sana, na ndiyo sababu haifai kuunganishwa na seti za kutafuta nguvu. Mkanda hautakiwi kuzuia damu kabisa kama lile jaribio lilivyofanya, na mwenye shinikizo la damu au historia ya damu kuganda asiutumie bila ushauri wa daktari.

16. Kreatini ya dukani hufupisha pumziko?

Huongeza akiba, na kwa baadhi ya watu huharakisha urejeshaji kiasi. Paul Greenhaff na wenzake mwaka 1994 walitoa gramu 20 kwa siku kwa siku 5, na kwa wale ambao misuli yao iliifyonza kwa wingi, fosfokreatini ilirudi zaidi katika dakika ya pili ya pumziko. Wengine hawakubadilika sana. Kwa matumizi ya kawaida, gramu 3 hadi 5 kwa siku hufikisha misuli mahali palepale, ila kwa wiki kadhaa. Usipunguze muda wa pumziko kwa kutarajia. Upunguze pale tu daftari la swali la 11 linapokuonyesha kwamba marudio hayashuki.

17. Mimi hukimbia mbio ndefu na pia ninanyanyua. Pumziko langu litofautiane na la wengine?

Kwa kawaida linaweza kuwa fupi kidogo. Mitokondria nyingi na mishipa midogo ya damu iliyoenea hurudisha fosfokreatini kwa kasi zaidi, na vipimo vya sumaku vya fosforasi, ambavyo husoma fosfokreatini ndani ya msuli bila sindano, vimeonyesha hivyo kwa wanariadha wa ustahimilivu. Kwa hiyo mnyanyuaji ambaye hana pumzi kabisa hunufaika na kiasi fulani cha kukimbia au kuendesha baiskeli siku nyingine, kwa sababu seti zake za baadaye zitaanza na pengo dogo.

18. Nikitoka Mombasa na kufanya mazoezi Iten, nipumzike zaidi?

Siku za mwanzo, ndiyo. Iten iko mita takriban 2,400 juu ya usawa wa bahari, na kila pumzi huleta oksijeni kidogo. Luke Haseler na wenzake mwaka 1999 waliwapa watu waliozoezwa hewa yenye oksijeni 10% badala ya 21%, na fosfokreatini yao ilirudi polepole. Walipowapa oksijeni tupu, ilirudi haraka kuliko kawaida. Upungufu wa Iten ni mdogo kuliko ule wa maabara, kwa hiyo nyongeza ya nusu dakika hadi dakika moja kwa seti ndefu za miguu inafaa kujaribiwa, huku seti fupi za mikono zikibaki kama zilivyo.